Hasara ya Nusu Hulipwa kwa Faida ya Mia kwa Mia

Ijumaa ya tarehe 10 Machi 2000, soko la hisa la Nasdaq nchini Marekani lilifunga likiwa na pointi 5,048.62. Lilikuwa halijawahi kufika juu kiasi hicho. Pointi hizo ni fahirisi ya soko, yaani tarakimu moja inayojumlisha bei za hisa za maelfu ya kampuni zilizoorodheshwa humo, nyingi zikiwa za kompyuta na intaneti. Bei zikipanda, nayo hupanda. Zikishuka, nayo hushuka. Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 9 Oktoba 2002, fahirisi hiyo ilikuwa imebaki 1,114.11. Ilikuwa imepoteza karibu asilimia 78.

Mwaka wa 2003 ulileta furaha. Kutoka siku ya mwisho ya 2002 hadi siku ya mwisho ya 2003, Nasdaq ilipanda kwa asilimia 50. Aliyesikia habari hizo angeweza kupiga hesabu ya haraka kichwani: soko lilishuka 78, limepanda 50, limebakiza 28. Hesabu hiyo inaingia akilini kirahisi, lakini haina ukweli hata kidogo. Mwisho wa 2003 fahirisi ilisimama kwenye 2,003, na ili ifike tena pale ilipokuwa Machi 2000 ilihitaji kupanda kwa asilimia 152 nyingine. Ilifika tarehe 23 Aprili 2015, miaka kumi na mitano baada ya kilele.

Tofauti kati ya 28 na 152 haikuletwa na udanganyifu wa mtu wala na siri ya soko. Ni hesabu ya darasa la sita ambayo watu wazima wengi, wakiwemo wenye fedha nyingi sokoni, hawaipigi mpaka hasara imeshawafika.

Asilimia ya nini?

Tuanze na shilingi. Una 1,000,000. Umeiweka kwenye hisa, hisa zimeshuka kwa asilimia 50, umebaki na 500,000. Sasa hisa zinapanda kwa asilimia 50. Je, umerudi ulipokuwa? La. Asilimia 50 ya kwanza ilikatwa kwenye milioni nzima, kwa hiyo ilichukua laki tano. Asilimia 50 ya pili imehesabiwa juu ya laki tano zilizobaki, kwa hiyo imerudisha laki mbili na nusu tu. Una 750,000. Kuirudisha laki tano yote iliyopotea kunahitaji laki tano iliyobaki izalishe kiasi kinacholingana nayo yenyewe, na hiyo ndiyo asilimia 100.

Mfugaji anajua jambo hili bila kalamu. Alikuwa na mbuzi kumi, ukame ukaua watano. Waliokufa hawazai. Zizi litarudi kuwa na mbuzi kumi kwa uzazi wa wale watano waliosalimika, na kila mmoja wao ana kazi ya kuziba nafasi ya mwenzake.

Kanuni yake ni fupi: chukua kilichopotea, ugawe kwa kilichobaki. Ukipoteza 20 katika 100, umebaki na 80. Gawanya 20 kwa 80, utapata robo, yaani asilimia 25. Ukipoteza 50, gawanya 50 kwa 50, utapata moja kamili, yaani asilimia 100. Ukipoteza 80, gawanya 80 kwa 20, utapata nne, yaani asilimia 400. Tukiziweka kwa mpangilio:

- Hasara ya asilimia 10 inahitaji faida ya asilimia 11
- Hasara ya asilimia 20 inahitaji 25
- Hasara ya asilimia 30 inahitaji 43
- Hasara ya asilimia 40 inahitaji 67
- Hasara ya asilimia 50 inahitaji 100
- Hasara ya asilimia 60 inahitaji 150
- Hasara ya asilimia 70 inahitaji 233
- Hasara ya asilimia 80 inahitaji 400
- Hasara ya asilimia 90 inahitaji 900

Zitazame safu hizo mbili zinavyoachana. Mwanzoni zinakwenda bega kwa bega: anayepoteza 10 anahitaji 11, na hiyo moja ya ziada haimuumizi mtu. Zikifika 30 zimeanza kutengana. Baada ya 50 moja inatembea na nyingine inaruka. Kushuka kutoka hasara ya 10 hadi ya 20 kunaongeza asilimia 14 kwenye faida unayoidai. Kushuka kutoka hasara ya 80 hadi ya 90, ambayo kwa macho ni hatua ile ile ya kumi, kunaongeza asilimia 500.

Kutoka kileleni hadi sakafuni

Wafanyabiashara wa hisa hupima mporomoko kutoka kilele cha juu kabisa ambacho mali ilifikia hadi mahali pa chini kabisa ilipoangukia kabla ya kukifikia tena kilele hicho. Kipimo hicho hakijali mwaka umeanza lini wala ripoti ya robo mwaka inasema nini. Kinauliza swali moja: mtu aliyeingia siku mbaya kuliko zote alipoteza kiasi gani?

Tuufuate mporomoko wa Nasdaq kwa hatua zake. Kutoka 5,048 mwezi Machi, fahirisi ilimaliza mwaka 2000 ikiwa 2,470. Hiyo ni hasara ya asilimia 51, na kurudi kileleni kulihitaji asilimia 104. Mwisho wa 2001 ilikuwa 1,950. Hasara kutoka kileleni sasa ni asilimia 61, na faida inayodaiwa imefika 159. Kisha Oktoba 2002 ikagusa 1,114. Hasara asilimia 78, faida inayodaiwa 353.

Sasa mfikirie mtu ambaye hakuwemo sokoni mwezi Machi. Alisubiri. Mwisho wa mwaka 2000 aliona bei zimekatwa zaidi ya nusu, akajiambia kwamba kilichoshuka nusu hakina tena pa kushukia, akanunua. Kutoka 2,470 aliyonunulia hadi 1,114 alipoteza asilimia 55 ya fedha zake. Alidhani anaokota kilichobaki baada ya mporomoko, naye akapata mporomoko wake mwenyewe uliokuwa mkubwa kuliko ule alioukwepa.

Hapa ndipo asilimia za hasara zinapowachanganya watu zaidi. Kutoka hasara ya 61 hadi ya 78 kunaonekana ni mwendo mfupi, hatua kumi na saba tu. Lakini aliyekuwemo sokoni mwisho wa 2001 aliona 1,950 ikiwa 1,114, yaani alipoteza asilimia 43 ya alichokuwa nacho siku ile. Kadiri kilichobaki kinavyopungua, ndivyo kila hatua ndogo ya kipimo inavyokula sehemu kubwa zaidi ya hicho kilichobaki. Hisa iliyoshuka kwa asilimia 90 ni hisa iliyoshuka kwa asilimia 80 na kisha ikakatwa nusu tena: kutoka 100 ikawa 20, kutoka 20 ikawa 10. Anayenunua kwenye 20 kwa sababu “imeshashuka sana” bado ana nusu nzima ya kupoteza kabla ya kufika 10, na nyingine kabla ya kufika 5.

Bei ya hasara hulipwa kwa miaka

Asilimia 353 ni tarakimu kubwa, lakini maana yake halisi huonekana ikigeuzwa kuwa muda. Kutoka sakafu ya Oktoba 2002 hadi Aprili 2015 ni miaka kumi na miwili na nusu. Kwa wastani wa mkusanyiko, Nasdaq ilikua kwa karibu asilimia 13 kila mwaka katika kipindi hicho chote. Huo ni ukuaji ambao meneja yeyote wa mfuko wa uwekezaji angeutangaza kwa fahari. Mwenye fedha aliyeingia kileleni alipewa ukuaji huo mzuri kwa miaka kumi na miwili na nusu, na mwisho wake akawa na kile kile alichoanza nacho.

Tena safari yenyewe haikunyooka. Oktoba 2007 fahirisi ilikuwa imepanda hadi 2,859, zaidi ya nusu ya kilele cha 2000. Ndipo ukaja msukosuko wa benki na mikopo ya nyumba, na tarehe 9 Machi 2009 ikawa 1,268. Mporomoko wa pili wa asilimia 56 ulitokea kabla wa kwanza haujalipwa. Kutoka hapo kilele cha 2000 kilidai tena asilimia 298.

Fahirisi nyingine ya Marekani, S&P 500, inayobeba kampuni kubwa mia tano za sekta mbalimbali, ilipitia msukosuko huo huo kwa namna tofauti. Oktoba 2007 ilikuwa 1,565, na Machi 2009 ikawa 676. Ilipoteza asilimia 57 na kuhitaji asilimia 131. Ilikipita kilele chake tarehe 28 Machi 2013, miaka minne baada ya sakafu. Linganisha hasara hizo mbili: 57 na 78. Zinapishana kwa hatua ishirini na moja tu. Lakini moja ilihitaji fedha iongezeke mara mbili na zaidi kidogo, na nyingine ilihitaji iongezeke mara nne na nusu. Moja ikalipwa kwa miaka minne, nyingine kwa kumi na miwili na nusu.

Unaweza kupiga hesabu ya muda kwa mali yako mwenyewe. Tuseme unatarajia ukuaji wa asilimia 8 kwa mwaka, faida ikiachwa izalishe faida. Hasara ya asilimia 10 italipwa kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Hasara ya 20 italipwa kwa miaka mitatu. Hasara ya 50 inataka miaka tisa. Hasara ya 80 inataka miaka ishirini na moja, muda wa mtoto kuzaliwa, kusoma na kuanza kutafuta kazi.

Kuna mambo mawili ambayo fahirisi haiyaonyeshi, nayo yanavuta pande tofauti. La kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Tarakimu nilizotaja zinafuata bei tu. Aliyepokea gawio na kununulia hisa zaidi alirudi kwenye mtaji wake mapema kidogo, ingawa kampuni nyingi za Nasdaq za wakati ule zilikuwa hazitoi gawio, au zilitoa dogo sana. La pili ni mfumuko wa bei. Kati ya 2000 na 2015 bei za bidhaa Marekani zilipanda kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo dola iliyorudi mwaka 2015 ilikuwa na jina lile lile, lakini dukani ilinunua vitu vichache kuliko ile iliyoingia. Katika nchi ambako bei hupanda haraka zaidi, hili la pili huwa na uzito mkubwa: tarakimu ya mtaji inaweza kurudi huku thamani yake ikiwa bado iko njiani.

Wastani unaodanganya

Mtu anakuja na mpango wa uwekezaji. Anakuonyesha karatasi: mwaka wa kwanza mfuko wake ulipata faida ya asilimia 100, mwaka wa pili ulipata hasara ya asilimia 50. Jumlisha, gawanya kwa mbili, na wastani ni faida ya asilimia 25 kwa mwaka. Hesabu yake ya wastani ni sahihi. Lakini fuata fedha yenyewe. Milioni moja ilikuwa milioni mbili, kisha milioni mbili ikakatwa nusu ikawa milioni moja. Faida ya miaka miwili ni sifuri.

Hakuna kosa la kujumlisha hapo. Kosa ni kujumlisha kabisa. Faida na hasara zinazofuatana huzidishana. Mwaka wa kupanda kwa 100 unazidisha mtaji kwa mbili, mwaka wa kushuka kwa 50 unauzidisha kwa nusu, na mbili mara nusu ni moja. Ndiyo maana hata mpangilio hauna maana: ukianza na hasara ya nusu kisha ukapata faida ya mia kwa mia, utafika pale pale.

Jambo hili halihitaji mporomoko mkubwa ili liume. Chukua mali inayopanda kwa asilimia 20 mwaka mmoja na kushuka kwa asilimia 20 mwaka unaofuata, ikirudia hivyo kwa miaka kumi. Wastani wake wa kujumlisha ni sifuri kila miaka miwili, na mtu angedhani mtaji uko salama. Kumbe kila jozi ya miaka miwili inazidisha mtaji kwa 1.2 na kisha kwa 0.8, yaani 0.96. Baada ya jozi tano, milioni moja imebaki kama 815,000. Kuyumba peke yake kumekula karibu moja ya tano, bila mwaka hata mmoja ambao watu wangeuita wa balaa. Kwa hiyo ukipewa wastani, omba pia salio la mwanzo na salio la mwisho. Salio halina namna ya kujipamba.

Mkopo unapoingia

Mtu anaweza kupata hasara ya nusu hata soko lisiposhuka nusu. Njia ya mkato ni kununua kwa fedha za kukopa.

Una 1,000,000 yako na dalali anakukopesha 1,000,000. Unanunua hisa za 2,000,000. Soko linashuka kwa asilimia 25. Hisa zako sasa zina thamani ya 1,500,000, lakini deni halijashuka. Bado ni 1,000,000. Chako kilichobaki ni 500,000. Soko limepoteza robo, wewe umepoteza nusu.

Mtu atasema: nitavumilia, soko likirudi nami nitarudi. Kwa hesabu tupu, tukiacha riba, ni kweli: soko likipanda kwa theluthi moja, hisa zitafika tena 2,000,000, utalipa deni na kubaki na milioni yako. Lakini dalali naye ana hesabu zake. Ulipoanza, kila shilingi yako ilibeba shilingi moja ya deni. Sasa kila shilingi yako inabeba mbili. Dalali anaona dhamana yake imekuwa nyembamba na anakutaka uongeze fedha. Ukiwa huna, anauza hisa zako kwa bei ya siku hiyo.

Tuseme anauza za 500,000 na kupunguza deni hadi 500,000. Umebaki na hisa za 1,000,000, deni la 500,000, na chako ni kile kile 500,000. Sasa soko linapanda kwa theluthi moja na kurudi kabisa pale lilipokuwa. Hisa zako zinakuwa 1,333,000. Toa deni la 500,000. Una 833,000. Soko limerudi, magazeti yameandika kwamba limerudi, na wewe una pengo la 167,000 ambalo soko halina tena kazi ya kuliziba. Ulishushwa na mzigo wa hisa za milioni mbili, ukapandishwa na hisa za milioni moja.

Wakenya wengi wanakumbuka mauzo ya kwanza ya hisa za Safaricom mwaka 2008. Hisa iliuzwa kwa shilingi 5, na miongoni mwa walionunua walikuwemo waliochukua mikopo ya benki. Haukupita mwaka, bei sokoni ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Kutoka 5 hadi 3 ni hasara ya asilimia 40, na kutoka 3 kurudi 5 ni faida ya asilimia 67. Aliyenunua kwa akiba yake angeweza kuketi na kusubiri, kwa kuwa kampuni ilikuwa hai na inafanya biashara. Aliyenunua kwa mkopo alikuwa na marejesho ya kila mwezi yasiyosubiri asilimia 67 ya mtu, na ikiwa alilazimika kuuza, hasara ile ikawa ya kudumu.

Anayetoa na anayeongeza

Hesabu ya 50 na 100 inadhani kwamba fedha imeachwa ilivyo. Maishani haiachwi. Mstaafu mwenye 10,000,000 anaona mtaji umekatwa nusu na kuwa 5,000,000. Lakini yeye anakula kutoka humo. Mwaka huo anatoa 500,000 za matumizi, anabaki na 4,500,000. Soko linapanda kwa asilimia 100 kamili. Ana 9,000,000. Zile 500,000 alizotoa wakati bei ziko chini zingekuwa milioni moja kama zingebaki. Zimemgharimu mara mbili ya alichokula. Ndiyo sababu mporomoko unaomkuta mtu mwanzoni mwa kustaafu ni wa hatari kuliko unaomkuta akiwa kazini, hata kama ukubwa wake ni ule ule.

Kwa anayeongeza, mambo hugeuka. Kijana ananunua hisa za 100,000 kwa bei ya 100, anapata hisa 1,000. Bei inashuka hadi 50, naye ananunua tena za 100,000, anapata hisa 2,000. Ametoa 200,000 na ana hisa 3,000. Ili fedha yake irudi, bei inatakiwa kufika 66.70 hivi, yaani ipande kwa theluthi moja kutoka 50. Hahitaji asilimia 100, kwa sababu sehemu kubwa ya hisa zake hazikuwahi kuguswa na mporomoko.

Lakini njia hiyo ina sharti moja kubwa: kile unachoendelea kukinunua lazima kiwe na uwezo wa kurudi. Katika msukosuko ule wa teknolojia, hisa ya Amazon ilikuwa zaidi ya dola 100 Desemba 1999, na Septemba 2001 ilikuwa chini ya dola 6. Ilipoteza zaidi ya asilimia 94 na kuhitaji kuongezeka zaidi ya mara kumi na saba. Ilifanya hivyo, na mwaka 2009 ikakipita kilele chake. Webvan, kampuni ya kupeleka vyakula majumbani ambayo nayo ilisifiwa sana siku zile, ilifilisika Julai 2001. Kwa aliyekuwa akiongeza hisa za Webvan kila zinaposhuka, kilichobaki kilikuwa sifuri, na hasara ukiigawa kwa sifuri haina jibu. Fahirisi nzima ilirudi kwa sababu waliokufa waliondolewa na wapya wakaingizwa. Orodha ya kampuni za Nasdaq ya 2015 haikuwa ile ya 2000. Aliyeshika hisa moja hana anayemwondolea iliyokufa.

Kupanga kabla ya kuingia

Kanuni hii haitabiri kwamba soko litarudi au halitarudi. Inakuambia gharama ya kurudi, na gharama hiyo unaweza kuipangia mapema. Mfano mzuri ni wa vijana wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, ambao kuunguza akaunti ni jambo wanalolijua vizuri. Tuseme wawili wanapatwa na mkosi ule ule: biashara kumi mfululizo zote zinakwenda kombo. Wa kwanza huhatarisha asilimia 2 ya salio lake kila mara. Baada ya kumi amepoteza asilimia 18, na anahitaji 22 kurudi. Wa pili huhatarisha asilimia 10. Amepoteza asilimia 65, na anahitaji 187. Uamuzi wao wa wapi bei itaelekea ulikuwa sawa, na ulikosea sawa. Kilichowatenganisha ni ukubwa wa dau, jambo pekee ambalo lilikuwa mikononi mwao.

Kwa mwekezaji wa kawaida, mpango huo huanza na tarehe ambayo fedha itahitajika. Ikiwa ni karo ya mtoto itakayodaiwa baada ya miaka mitatu, na ukuaji unaoutarajia ni asilimia 8 kwa mwaka, basi miaka mitatu inaweza kurudisha hasara ya asilimia 20 na si zaidi sana. Mali ambayo imewahi kuporomoka nusu haifai kubeba karo hiyo, hata iwe imepanda kiasi gani mwaka jana. Ikiwa ni akiba ya uzee wa mtu wa miaka thelathini, hasara ya nusu ina miaka tisa ya kulipwa na bado kuna muda, mradi hakuna deni linalomlazimisha kuuza. Kwa hiyo anayekuletea mfuko wowote muulize mporomoko wake mkubwa kuliko yote, kutoka kileleni hadi sakafuni, ulikuwa asilimia ngapi. Gawanya hasara hiyo kwa kilichobaki, kisha uhesabu miaka. Ikizidi miaka uliyo nayo, fedha hiyo itafutie mahali pengine.